Hesabu ya zege: njia ya kampaundi yenye kingo na mifereji pande zote mbili (Kisauni)

Mkaazi_Kisauni

Assalaam aleikum wadau. Niko Kisauni, nataka kumwaga njia ya miguu kutoka barazani hadi getini kabla masika hayajaanza. Mwaka jana mwezi wa tano tulikuwa tunaruka juu ya mawe kufika mlangoni.

Njia ina umbo la L. Kutoka barazani inakwenda mita 12, inakata kona ya mraba, kisha mita 18 mpaka getini. Vipimo hivyo nimevichukua katikati ya njia, kwa hiyo jumla ni mita 30. Upana wa kukanyaga ni mita 1.2, unene wa zege inchi 4, yaani sentimita 10. Kila upande kuna kingo ya zege upana sentimita 12.5 na kimo sentimita 25, na nje ya kingo kuna mfereji wa maji ya mvua. Mfereji upana wake wa ndani ni sentimita 20, kina sentimita 10, sakafu na kuta unene sentimita 10. Kila kitu kinamwagwa papo hapo, hakuna cha kununua kimeshatengenezwa.

Hesabu yangu ni hii:

```
Njia:     30 x 1.2 x 0.10     = 3.600
Kingo:    60 x 0.125 x 0.25   = 1.875
Mifereji: 60 x 0.06           = 3.600
Jumla:                          9.075
```

Hiyo 0.06 ya mfereji nimeipata kwa kuchukua umbo lote la nje, 0.40 kwa 0.20, nikatoa uwazi wa ndani 0.20 kwa 0.10. Mchanganyiko ni moja, mbili, nne. Nimeambiwa kila mita ya ujazo inakula mifuko 6.3 ya kilo 50, kwa hiyo napata mifuko 57. Fundi anasema nilete 75. Tofauti ya mifuko 18 si ndogo. Nani kati yetu yuko sawa?

Kabro_Safi

Ndugu, kwa nini unajisumbua na zege? Weka kabro. Ikizama mahali unang'oa chache, unajaza mchanga, unarudisha. Zege likipasuka ndio basi. Mimi kwangu Bamburi niliweka kabro uwanja mzima na gari linapanda. Niambie una mita mraba ngapi nikukadirie.

Mkaazi_Kisauni

Ahsante ndugu, lakini zege nimeshaamua na kokoto zimeshamwagwa nje ya geti. Ninachouliza ni ujazo tu. Hata ukiweka kabro kingo na mifereji bado utaimwaga kwa zege, na hapo ndipo penye mzozo wangu na fundi.

Chepe_na_Karai

Fundi wako yuko sawa na wewe umesahau jambo kubwa. Zege likiwa kavu lina nafasi nyingi katikati ya kokoto. Ukitia maji na kushindilia linanywea. Ndiyo maana lazima uzidishe kwa 1.54 kwanza. 9.075 mara 1.54 ni karibu 13.98. Zidisha kwa 6.3 unapata mifuko 88. Fundi wako amekuhurumia kwa 75.

Halafu kona hujaihesabu. Upande wa nje wa kona ni mrefu kuliko wa ndani, kila mtu anajua. Hiyo 60 yako ni ndogo.

Mpima_Majengo

Chepe, kuhusu kunywea una haki, lakini umeihesabu mara mbili. Hiyo 6.3 imetoka wapi? Imetoka humo humo kwenye 1.54. Chukua mita moja ya ujazo ya zege lililokwisha kushindiliwa. Vitu vikavu vinavyohitajika ni mita 1.54. Moja, mbili, nne ni sehemu saba, kwa hiyo saruji ni 1.54 gawa kwa 7, yaani 0.22. Saruji ya mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,440 hivi, kwa hiyo 0.22 ni kilo 317, sawa na mifuko 6.3. Ukianza na 13.98 ambayo ni ujazo mkavu kisha ukazidisha kwa 6.3, umemlipisha mtu kunywea kule kule mara ya pili. Mifuko 88 si ya njia hii.

Ila Mkaazi, usifurahi bado. Nina maswali mawili kabla ya kusema 57 ni sawa.

La kwanza: kwenye mchoro wa fundi, kingo na ukuta wa ndani wa mfereji ni vitu viwili vilivyosimama ubavu kwa ubavu, au kingo ndiyo hiyo hiyo ukuta wa ndani?

La pili: umepima ardhi inateremka kiasi gani kutoka barazani hadi getini? Umeandika mfereji una kina sentimita 10. Wapi? Mwanzo au mwisho?

Mkaazi_Kisauni

Kingo ndiyo ukuta wa ndani. Fundi amechora njia, kingo, uwazi wa mfereji, kisha ukuta mmoja wa nje. Sikufikiria kwamba hilo linabadilisha kitu.

Ardhi tumepima leo asubuhi kwa mpira wa maji. Getini pako chini ya barazani kwa sentimita 12. Kina cha sentimita 10 fundi alisema ni mfereji mzima.

Mpima_Majengo

Basi sasa tunaweza kuhesabu. Hesabu yako ina makosa mawili yanayovutana, moja linaongeza na jingine linapunguza, na ndiyo maana jumla inaonekana ya busara.

Kosa la kwanza ni ukuta wa ndani. Uliposema mfereji ni 0.40 kwa 0.20 ukatoa uwazi, ulijenga kuta mbili. Kisha ukaongeza kingo. Kwa hiyo kila upande una ukuta mmoja wa hewa, sentimita 10 kwa 20, mita 60 nzima. Hizo ni mita 1.2 za ujazo ambazo hazipo.

Kosa la pili ni kina. Maji hayatembei kwenye mfereji ulio sambamba na ardhi iliyo karibu tambarare. Sentimita 12 ndani ya mita 30 ni moja kwa 250, mteremko mdogo mno kwa mfereji unaoingia mchanga na majani ya mwarobaini. Mimi kwa njia ya nyumbani napenda moja kwa 100. Mita 30 kwa moja kwa 100 ni sentimita 30 za kushuka. Ardhi inakupa 12, zilizobaki 18 lazima uzichimbe. Ukianza barazani na kina cha sentimita 10, getini utakuwa na 28. Wastani ni 19.

Na kwa sababu kingo ndiyo ukuta wa ndani, nayo inashuka pamoja na mfereji. Haiwezi kubaki sentimita 25 kila mahali. Ikibaki hivyo, getini mguu wake utakuwa unaning'inia juu ya sakafu ya mfereji na maji yatapenya chini ya njia, yachukue mchanga, na baada ya misimu miwili utaona ukingo wa njia umezama na ufa umetembea sambamba na kingo. Nimeziona njia kama hizo, na kila mara mwenye nyumba analaumu saruji.

Nakata mkato vipande vitatu visivyogusana, kisha njia peke yake. Kimo cha kingo na ukuta wa nje nakichukua kutoka juu mpaka chini ya sakafu ya mfereji, yaani kina cha wastani 0.19 ongeza unene wa sakafu 0.10, jumla 0.29.

```
Kingo:          60 x 0.125 x 0.29 = 2.175
Sakafu:         60 x 0.20 x 0.10  = 1.200
Ukuta wa nje:   60 x 0.10 x 0.29  = 1.740
Njia:           30 x 1.2 x 0.10   = 3.600
Jumla:                              8.715
```

Ongeza asilimia 5 ya upotevu, yaani zege linalobaki kwenye karai, linalomwagika na linalopita chini ya mbao. Unapata karibu 9.15, mara 6.3, mifuko 58. Umekosea kwa mfuko mmoja tu, lakini ni bahati. Kama ardhi yako ingekuwa tambarare kabisa, getini kina kingefika sentimita 40, na zege lingekuwa zaidi ya mita 9.5 kabla hata ya upotevu.

Chepe_na_Karai

Sawa, 1.54 nimekuelewa, kumbe imo ndani. Lakini kona bado. Wewe pia umeandika 60. Upande wa nje wa L ni mrefu, hilo hata mtoto analiona.

Mpima_Majengo

Ni mrefu kweli, na wa ndani ni mfupi kwa kiasi kile kile. Chukua ukuta wa nje wa mfereji. Katikati yake iko umbali gani kutoka katikati ya njia? Nusu ya njia 0.6, kingo 0.125, uwazi 0.2, nusu ya ukuta 0.05. Jumla 0.975. Kwenye kona ya mraba upande wa nje unaongezeka mara mbili ya hiyo, yaani 1.95, kwa hiyo una mita 31.95. Upande wa ndani unapungua 1.95, una mita 28.05. Jumlisha: 60 kamili. Fanya hivyo kwa kingo na kwa sakafu, kila mara ni 60.

Ila lazima urefu uwe umepimwa katikati, na pande zote mbili ziwe sawa. Fundi akipima kwa kamba kwenye ukuta wa nje akapata karibu mita 32, kisha akazidisha kwa mbili, amekuongezea mita 4 za ukuta ambazo hazipo.

Bint_Likoni

Samahani naingilia. Mimi njia yangu inapita kando ya ukuta wa jirani, kwa hiyo mfereji ni upande mmoja tu, ule wa nje wa kona. Na njia ni ya futi 3. Je, na mimi nichukue urefu wa katikati tu?

Mpima_Majengo

Hapana dada, kwako hakuna upande wa pili wa kufidia. Kila kipande kipime kwenye mstari wake wenyewe. Ukiwa na vipimo kama vya Mkaazi, sakafu ya mfereji wa nje ni urefu wa katikati ongeza 1.65, na ukuta wa nje ongeza 1.95. Kwa njia ya futi 3 nusu yake ni sentimita 46 hivi badala ya 60, kwa hiyo nyongeza zinapungua kwa sentimita 28 kila moja. Na kama mfereji ungekuwa upande wa ndani, ungetoa badala ya kuongeza.

Halafu angalia: njia yako yote sasa inamwaga maji upande mmoja. Mteremko wa kuvuka njia unatoka ukutani hadi kwenye mfereji, si kutoka katikati.

Bint_Likoni

Nimeelewa, shukran. Ukuta wa jirani je, nimwage zege liguse?

Mzee_wa_Tudor

Binti yangu, usiguse. Weka kipande cha maboksi ya plastiki au mbao nyembamba kati ya zege na ukuta, zege lipate nafasi ya kutanuka. Na mazungumzo na jirani yatangulie kabla ya chepe.

Sasa nije kwa Mkaazi. Mimi nimesimamia kazi za zege hapa Mombasa tangu ujana wangu na sijaona mtu akiuliza jambo moja: juu ya kingo na juu ya njia vinalingana? Nasikia mnataja kingo, na watu wengi wakisikia kingo wanataka isimame inchi mbili juu ya njia ipendeze. Ikisimama hivyo maji ya njia yatafikaje kwenye mfereji? Yatabaki katikati ya kingo mbili kama kwenye sinia. Ama ulaze kingo sawa na ukingo wa njia, ama uache matundu kila baada ya mita moja au mbili.

Mkaazi_Kisauni

Mzee shikamoo. Fundi alitaka zisimame. Mimi ningependa zilale sawa, watoto wasijikwae.

Mzee_wa_Tudor

Marahaba. Basi zilaze. Na katikati ya njia painuke kidogo, sentimita moja na nusu tu juu ya kingo, maji yashuke pande zote mbili. Hiyo ni moja kwa 40 kwa nusu ya njia yako.

Mpima_Majengo

Mzee yuko sawa, na jambo hilo linaingia kwenye ujazo. Ukichonga kitanda cha chini nacho kiwe na mgongo huo huo, unene unabaki sentimita 10 kila mahali na ujazo haubadiliki. Lakini mafundi wengi wanasawazisha chini tambarare kisha wanainua juu. Hapo unene wa wastani unakuwa sentimita 10.75, na mita mraba 36 zinakula 0.27 zaidi. Karibu mifuko miwili imekwenda bila mtu kuiona. Kwa hiyo maramu yachongwe kwanza na ubao uliokatwa umbo la mgongo wa njia, ndipo yashindiliwe.

Nirudi kwa Mkaazi. Wastani wa mwanzo na mwisho ni sahihi tu kama ardhi imenyooka katikati. Ulipima kwenye kona?

Mkaazi_Kisauni

Nimepima sasa hivi. Kwenye kona pako chini ya barazani kwa sentimita 2 tu. Kuna kama kichuguu pale, zamani palikuwa na mti.

Mpima_Majengo

Kama ardhi ingeshuka sawasawa, pale kwenye mita 12 pangekuwa chini kwa sentimita 4.8. Wewe una 2. Una njia mbili. Ukifuata ardhi ilivyo, kina cha mfereji kwenye kona ni 10 ongeza 12 za mteremko toa 2, yaani 20. Wastani wa kipande cha kwanza ni 15 kwa mita 12, wa pili ni 24 kwa mita 18. Ukipima pamoja unapata 20.4 badala ya 19. Hiyo ni 0.19 ya zege, mfuko mmoja na kidogo. Njia ya pili ni kukichonga kichuguu sentimita tatu. Mimi ningechonga. Udongo wa kichuguu hauna gharama na mizizi iliyooza chini yake itang'olewa kabla haijageuka shimo.

Mzee_wa_Tudor

Ng'oa mizizi yote. Hilo halina mjadala.

Lakini kuhusu moja kwa 100 sikubaliani nawe Mpima. Kwa mita 30 unamchimbisha mtu sentimita 28 getini kwa njia ya miguu. Mtoto akitumbukia anavunja mguu, na atahitaji vifuniko. Moja kwa 150 inatosha kama sakafu ya mfereji imelainishwa vizuri kwa mwiko. Jumla ya kushuka ni sentimita 20, ardhi inatoa 12, unachimba 8. Getini kina ni 18.

Mpima_Majengo

Hesabu ya Mzee inatoa wastani wa sentimita 14, na zege zima linakuwa 8.04 kabla ya upotevu. Unaokoa mifuko minne hivi. Siyapingi hayo. Wasiwasi wangu ni mchanga. Kwenye moja kwa 150 mvua ndogo hazitausukuma, na mtu asipofagia mfereji kila wiki utajaa pale kwenye kona ambapo maji yanapunguza mwendo. Pia fundi lazima awe makini sana na uzi: kosa la sentimita moja katikati ya mita 3 kwenye moja kwa 150 linakupa dimbwi la mbu. Mkaazi, wewe ndiye utakayefagia.

Mkaazi_Kisauni

Nitazungumza na mke wangu kuhusu watoto na kina. Kwa sasa nashika moja kwa 100 ili nisije nikapungukiwa na vifaa.

Fundi nimemuuliza ile 75 imetoka wapi. Anasema hakupiga hesabu ya mita, lakini ndani yake ametia plasta ya ndani ya mifereji yote, na zege hafifu la kusawazisha chini ya mifereji kabla ya kumwaga sakafu. Hayo mimi sikuyaweka.

Mpima_Majengo

Ameeleza vyema, na ni haki yake kuyadai. Tuyapime.

Zege la kusawazisha: upana wa kingo, uwazi na ukuta ni 0.425, urefu 60, unene sentimita 5. Ni 1.275. Kwa moja, nne, nane kila mita inakula mifuko 3.4 hivi, kwa hiyo mifuko minne na kidogo.

Plasta: sakafu 0.20, uso wa kingo 0.19, uso wa ukuta 0.19, jumla 0.58 mara 60, karibu mita mraba 35. Kwa unene wa milimita 12 na mchanganyiko wa moja kwa tatu, mifuko minne.

58 ongeza 4 ongeza 4 ni 66. Bado kuna mifuko tisa ambayo sijui ni ya nini.

Chepe_na_Karai

Mimi najua ni ya nini. Ni ya mchimbaji. Hakuna anayechimba kwa mstari.

Mzee_wa_Tudor

Hapo Chepe kasema kweli tupu. Kisauni mahali pengi ni mchanga, kuta za mtaro zinaporomoka. Na ukikutana na tumbawe, sururu inang'oa bonge zima na kuacha pango. Fundi akitumia udongo wenyewe kama ubao wa upande wa nje, pango lote linajazwa zege la moja, mbili, nne. Tena ulizia kitanda cha njia. Kikiwa chini kwa sentimita mbili tu, nani atajua? Zege linafunika.

Mpima_Majengo

Nimezipiga hizo mbili. Mtaro ukiwa mpana kupita kiasi kwa sentimita 3 upande wa nje: 60 mara 0.03 mara 0.29 ni 0.52, mifuko mitatu na robo. Kitanda kikiwa chini kwa sentimita 2: 36 mara 0.02 ni 0.72, mifuko minne na nusu. Pamoja karibu nane. Inakaribia tisa, lakini siwezi kuapa ndivyo fundi alivyofikiri. Huenda ni mazoea tu.

Dawa yake: mbao pande zote mbili za ukuta wa nje, na mapango yote yajazwe maramu yenye maji na kushindiliwa kabla ya zege. Kwa kitanda cha njia, kaza uzi kwenye kimo cha juu cha zege, shusha kijiti kilichokatwa sentimita 10 kila baada ya hatua moja. Kijiti kikielea, ongeza maramu. Kikigusa kabla, chonga.

Na ukitaka kujua siku yenyewe kama zege linakwenda mahali pake, hesabu mifuko dhidi ya mita. Mfuko mmoja kwa moja, mbili, nne unatoa zege la lita 159 hivi. Njia yako kwa kila mita ni lita 120. Kwa hiyo mfuko mmoja lazima ukupeleke mita 1.3 za njia. Kwa kingo na mfereji wa upande mmoja, karibu na baraza mfuko unakwenda mita 2.4, na kule getini ambako pana kina unakwenda mita 1.5. Mifuko kumi ikimwagwa kwenye njia na umefika mita 10 badala ya 13, simamisha kazi uangalie chini: ama kitanda kiko chini, ama mchanga na kokoto vinapimwa kwa jicho na karai halijai.

Mkaazi_Kisauni

Hili la mita kwa mfuko ndilo nililokuwa nalihitaji. Kipimo cha mchanga na kokoto kiwe nini? Wao wanatumia wilbaro.

Mpima_Majengo

Wilbaro moja hujaa zaidi na nyingine hujaa kidogo, inategemea nani anaisukuma. Gonga sanduku la mbao lisilo na chini, ndani sentimita 35 kwa 33 kwa kimo 30. Hiyo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, kata juu kwa ubao. Kwa zege lako la 9.15 utahitaji mchanga mita 4 za ujazo, na kokoto mita 8. Kwa tani, mchanga ni kama sita na nusu na kokoto kama 12, ongeza mchanga kidogo wa plasta. Mchanga ukiwa umelowa mvua unavimba, sanduku linajaa lakini mchanga ni kidogo. Siku hiyo jaza kwa kifua kidogo.

Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukiletewa bure.

Kabro_Safi

Na chuma? Hamjataja wayameshi. Zege bila chuma ni biskuti.

Mzee_wa_Tudor

Njia ya miguu inchi 4 juu ya maramu yaliyoshindiliwa haihitaji wayameshi. Kata maungio kila mita moja na nusu, na kingo zikatwe mstari mmoja na njia. Kwa hewa yetu ya chumvi na maji ya visima yenye chumvi, waya ukikaa karibu na uso unapata kutu, unavimba na kuinua zege. Nimeona mabamba ya hivyo yakimenyuka.

Kabro_Safi

Mzee, kwangu niliweka kwenye bamba la mbele ya gereji na halijapasuka.

Mpima_Majengo

Gereji inabeba gari, hiyo ni hadithi nyingine. Lakini Mkaazi, pale getini je, gari litaikata njia?

Mkaazi_Kisauni

Pikipiki tu, na siku moja moja tuktuk ya mizigo. Lori la maji linabaki nje, linavuta mpira.

Mzee_wa_Tudor

Tuktuk ya mizigo ikipita juu ya mfereji wako wa sentimita 28 itauvunja ukuta wa nje, una unene wa inchi 4 tu na nyuma yake ni mchanga. Pale inapopita weka bomba badala ya mfereji wazi, au bamba la zege lenye chuma juu. Na zege la hapo lihesabu peke yake.

Mkaazi_Kisauni

Nitaweka bomba kwenye mita mbili za mwisho. Nitanunua mifuko 60 kwanza, fundi amekubali mbao pande zote mbili baada ya kuoneshwa hesabu ya mapango, ingawa ameongeza bei ya ufundi kidogo. Plasta tutaitazama baadaye, Mpima ukiwepo nitauliza kama sakafu ikilainishwa kwa mwiko siku ile ile bado plasta inahitajika.

Bint_Likoni

Mkaazi, na maji yakifika getini yanakwenda wapi? Kwetu jirani wa chini alikuja na askari.

Mkaazi_Kisauni

Nje ya geti hakuna mtaro wa barabara. Tunafikiria shimo la kunyonya ndani ya ua, chini ni mchanga mpaka futi sita hivi halafu tumbawe. Ukubwa wake bado sijui.

Mpima_Majengo

Hilo fungulia uzi mwingine, utuandikie eneo la paa linalomwaga kwenye mifereji hiyo. Kama mabomba ya paa yanashukia humo, hata upana wa sentimita 20 tutautazama upya.